Watu Saba, Namba Moja

Mdogo wangu alipochumbiwa, nilitangaza nyumbani kwetu Nsemulwa, hapa Mpanda, kwamba safari hii kadi za karatasi hatuchapi. Watu walicheka, maana mimi ndiye mwenye steshenari pale Kashaulili na kadi za harusi ndizo zinazonilisha. Nikawaambia nitatengeneza ukurasa wa mwaliko mtandaoni, nitume kiungo WhatsApp, kila mtu ajibu humo humo. Nina kiburi na kazi yangu, sifichi.

Majina ya maharusi niliyaandika kwa herufi za mapambo, zenye mikia. Nikanogewa, nikaweka mikia hiyo hiyo kwenye tarehe, kanisa, ukumbi na saa. Mama akashika simu mbali na uso, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya kusoma au ya kutazama tu?"

Nilinuna, ila nikabadilisha. Mikia ikabaki kwenye majina, maelezo mengine yote nikayaweka kwa herufi za kawaida. Chini kukawa na fomu fupi: jina lako, namba ya simu, utakuja au hutakuja, neno lako kwa familia, halafu kitufe cha Tuma.

Hiyo namba ya simu ndiyo niliyojidai nayo zaidi. Kwenye harusi ya mteja wangu mmoja mtandao ulisuasua, mgeni akabonyeza Tuma mara tano, tukamhesabu watu watano. Kwa hiyo hapa nikapanga kwamba namba ikiwa tayari imo kwenye jedwali la majibu, jibu jipya linakaa mahali pa lile la zamani. Namba moja, mtu mmoja. Nani atanichezea tena?

Mdogo wangu alikuwa na ombi moja tu: shangazi yetu wa Mishamo, dada pekee wa marehemu baba, aingie naye kanisani mahali pa baba. Ombi dogo, ila zito. Baba alipofariki, shangazi alitaka azikwe Mishamo, mama akataka Mpanda. Alizikwa Mpanda, na tangu hapo salamu kati ya mawifi hao zilikuwa za kuhesabu.

Wiki mbili kabla ya harusi kamati ilikaa sebuleni kwetu, nikasoma majibu. Kutoka Mishamo lilikuwepo moja tu, la mama jirani yake shangazi. Shangazi hayumo.

"Wifi yangu bado ana kinyongo na mimi," mama alisema taratibu.

Mwenyekiti akapendekeza mjomba ndiye aingie na bibi harusi. Mdogo wangu akainuka, akatoka nje analia.

Hasira zikanipanda. Shangazi hana simu, hata kiungo nilikituma kwa yule jirani amwonyeshe, kwa hiyo nikapiga ya jirani pale pale, na maneno yangu nimeshayapanga. Jirani akampelekea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Maandalizi yanaendaje?"

"Yaendeje wakati wewe hukutujibu? Harusi ya mtoto wa kaka yako, shangazi, kweli?"

"Mbona nilijibu wa kwanza? Tumejibia simu hii hii wote, watu saba, mwenye simu akamalizia. Kila mmoja kaandikiwa asante, jibu limefika. Na ukurasa wako mzuri, ila hayo majina yametambaa kama maboga!"

"Wote kwa namba hii moja?"

"Sasa kwa namba ipi nyingine?"

Jamani, nilikosa pa kuuweka uso. Kila aliyejibu alimfuta aliyemtangulia, na mimi ndiye niliyepanga hivyo. Nikamwomba msamaha mbele ya kamati nzima.

"Wewe rekebisha tu," akasema. "Mimi nakuja."

Nilifungua kompyuta mezani. Bahati nzuri jedwali lile linatunza hali zake za nyuma, nikarudi mpaka siku niliyotuma kiungo. Jina la shangazi lilikuwepo, mbele yake: Nitakuja. Nikasoma neno lake kwa sauti, mama amekaa pembeni yangu.

"Wifi, nakuja mapema tusaidiane jikoni. Kanisani bibi harusi nitaingia naye mimi, mkinikubalia. Kaka yangu alilala kwa watu waliompenda. Yale ya msibani nimeyaacha."

Mama aliziba mdomo kwa khanga. "Kumbe alishanisamehe," akasema, "na mimi nimekaa hapa namsema." Tulilia wote, hata mwenyekiti alijifanya anatafuta miwani.

Nikaiondoa ile kanuni yangu, nikarudisha majina yote saba. Shangazi alifika siku nne kabla, na siku ya harusi aliingia kanisani na mdogo wangu, amemshika mkono kwa nguvu. Nashukuru mpaka leo kwamba alinivumilia kwenye simu, maana nilikuwa tayari kumkosea adabu.

Mama aliniomba kitu kimoja tu kutoka kwenye ukurasa wote ule. Alitaka nimchapie lile neno la wifi yake kwenye karatasi.

"Ila mikia yako ubaki nayo," akasema.