Nambari Halali ya Mtu Mwingine

Nilijifundisha kuandika programu mwenyewe chumbani Makongeni, na fomu yenye maswali mengi hunikera. Kwa hiyo, nilipomtengenezea mama mwenye duka la mavazi Ziwani mfumo wa kuwatumia wateja ujumbe, niliondoa swali la nchi. Kila nambari iliyoanza na sifuri niliigeuza ianze na +254, msimbo wa Kenya.

Asubuhi moja akaniita dukani.

“Mwanangu, bibi harusi wangu wa Arusha hajaitwa kupima gauni. Ameitwa dereva wa lori Kitale! Anauliza aje na viatu vyake?”

Alicheka. Mimi nilifungua orodha ya nambari. Watanzania na Waganda nao huandika sifuri na tarakimu tisa kama sisi. Ukiziwekea +254, nyingi huwa nambari halali za Wakenya wengine, na ukaguzi wa mfumo wangu ulizipitisha. Nchi ya mteja sikuihifadhi popote.

Nilipomweleza, akanisogezea kiti.

Nilianza kupiga simu moja baada ya nyingine. Aliyepokea asipomjua mama, nilirudia tarakimu zilezile kwa +255 ya Watanzania, kisha +256 ya Waganda. Hadi adhuhuri nilikuwa nimewapata wateja wanne waliokosa ujumbe, na mama hakuniruhusu kuinuka.