Mngurumo Ambao Fundi Hakuusikia

Gereji nzima ilimwita Sikio. Gari lilipoingia getini, alitaja ugonjwa wake kabla dereva hajashuka, na kwa miaka ishirini na mitano alikosea mara chache mno. Wenzake walimheshimu, ingawa walishachoka kusikia habari za hilo sikio lake.

Asubuhi moja dada yake aliingia na pikapu. Alikuwa mkunga, na kwa pikapu hiyo alizungukia zahanati tatu kila wiki. Alieleza kuwa maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo, na kule mbele kuna kitu kinanguruma chinichini, kama paka aliyeshiba.

Sikio aliwasha injini, akainama, akatulia. Hakusikia kitu. Chini ya pampu ya maji, kwenye kile kitundu kinachovuja sili ya ndani ikichoka, aliona ukoko wa waridi wa maji ya rejeta yaliyokauka na tone moja likining'inia. Akalifuta kwa kidole. Akasema pampu zote hutoa jasho. Aongeze maji, aende.

Fundi mwenzake, mwanamama aliyekuwa akifungua gurudumu pembeni, aliusikia mngurumo kutoka pale alipochuchumaa. Akamshauri azime injini, atoe mkanda, ashike puli ya pampu, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, aitikise.

"Ikicheza, beringi imekwisha," alisema.

"Kazi umejifunza kwangu," Sikio akamjibu. "Leo wewe ndiye wa kunifunza?"

Mwanamama akarudi kwenye gurudumu lake. Dada naye akaondoka. Kaka yake akishasema, basi.

Siku ya nne, dada alikuwa akimkimbiza hospitali mama mjamzito aliyetokwa na damu. Njiani beringi ilikwama, mkanda ukakatika. Mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, lakini pale palikuwa porini, na mgonjwa alikuwa nyuma akilia. Dada akaendelea mpaka injini ikazima yenyewe. Walisubiri gari lingine kwa muda wa karibu saa mbili. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Pikapu ilivutwa hadi gereji. Sikio aliifungua pampu mwenyewe. Puli ilicheza kama jino bovu, na alipoizungusha ilikwaruza kana kwamba imejaa mchanga. Maji yalipita kwenye sili, yakaosha grisi, beringi ikala kutu. Kuitikisa kungechukua dakika chache.

Alikwenda kupimwa. Daktari akamwambia masikio yameharibiwa na kelele za injini, la kushoto karibu limekufa, na si jambo la mwaka huu.

Alimpelekea dada yake cheti cha daktari. Dada alikisoma chote, akakikunja vizuri.

"Masikio yako sikuyahitaji," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshasikia. Nilikuletea ushike tu."



Baadaye dada alipata gari lingine. Hulipeleka gereji ya upande wa pili wa mji. Wakikutana kwenye misiba ya ukoo, humsalimu kaka yake vizuri, humuulizia hali ya watoto, kisha huenda kukaa na wanawake.