Keki ya Mama na Kabati za Juu

Mimi kungoja sikujaliwa. Foleni ikisimama kidogo tu, hasira zinaanza kunipanda. Mama yangu alikuwa kinyume changu kabisa, na siku tuliyopeleka keki Dar es Salaam nilidhani tofauti hiyo ingetuua.

Keki ilikuwa ya harusi ya dada yangu. Mama aliioka nyumbani kwetu Nyakato, Mwanza, kwenye oveni ya mkaa iliyotulisha tangu baba alipofariki. Ilikuwa ya mraba, pana, juu imepambwa maua ya sukari aliyoyafinyanga kwa vidole vyake. Dar hakukukosa waokaji, na upande wa bwana harusi walishasema keki wangeinunua huko huko. Mama alikataa. Alikuwa amemwahidi dada tangu akiwa mdogo kwamba keki ya harusi yake isingetoka dukani, na dada naye alikuwa ameshawatambia wakwe. Keki ikifika imepondeka, aibu ingekuwa ya mama mbele ya ukoo mgeni.

Treni ingeitikisa mpaka iwe makombo, na basi ndiyo usiseme. Lakini biashara ya usafiri wa anga ilikuwa imefunguliwa, kampuni binafsi za ndege zilikuwa zimeanza kutua Mwanza, na shemeji mtarajiwa alitukatia tiketi mbili. Kiwanda cha samaki nilichofanyia kazi kilikuwa kimenipandisha ndege mara mbili, kwa hiyo pale nyumbani mimi ndiye nilikuwa mtaalamu. Wiki nzima nilimfundisha mama. Nilimwambia boksi letu ni pana, haliwezi kuingia chini ya kiti. Mapajani hawaruhusu wakati wa kuruka. Lazima liwekwe kwenye kabati za juu ya viti, na kabati hizo hazina mwenyewe: anayetangulia ndiye anayeweka. Zikijaa, boksi linashushwa kwenda kulala na masanduku tumboni mwa ndege. Mama aliitikia kila neno, huku akiendelea kukunja nguo zake.

Uwanjani, kijana wa kampuni alisimama mlangoni akatangaza utaratibu. Wangeanza wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Kisha wangeitwa wa viti vya nyuma, ili wa mbele wasizibe njia, na mwisho wa viti vya mbele. Sisi tulikuwa safu ya tano, yaani karibu wa mwisho. Lakini mama alikuwa na mvi kichwa kizima na goti bovu, na yule kijana mwenyewe alimwona, akatuita tusimame mbele ya wote. Nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu.

Furaha haikudumu. Alikuja mzee mmoja na fimbo yake, kamzidi mama miaka mingi. Mama akapiga goti kidogo, lile lile bovu, akasema shikamoo baba, na akampisha. Nyuma ya mzee kulikuwa na bibi wa Ukerewe aliyeshikwa mkono na mwanawe. Shikamoo, akapishwa. Kisha mama mwenye kichanga kinacholia, huyo hata shikamoo hakuhitaji, akapishwa. Nilimvuta mama kitenge. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayeomba chakula ugenini.

Basi wakaitwa wa viti vya nyuma. Walimiminika na vikapu, mifuko ya dagaa, makoti na mabegi, na mama akanivuta ukutani, boksi kalikumbatia kifuani.

"Mama, twende, sisi tuliitwa kwanza," nilisema.

"Tuwapishe, wana haraka. Kiti chetu kina namba, nani atakikalia?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mafundisho yangu ya wiki nzima yalikuwa yamepita juu juu. Kwa mama, mwenye kiti ndiye mwenye kilicho juu ya kiti, kama vile mwenye nyumba ndiye mwenye paa. Hakuweza kuamini kwamba mtu mzima angeweka mzigo juu ya kichwa cha mwenzake bila hata kumwomba. Nilikasirika, na papo hapo nikamwonea huruma, na sikujua nianze na lipi.

Tulivuka uwanja kwa miguu, upepo wa ziwa ukiipeperusha kanga tuliyofunikia boksi, tukapanda ngazi. Safu ya tano viti vilikuwa vitupu, vinatungoja sawasawa na maneno ya mama. Nikafungua kabati. Ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Wa nyuma walipopita walikuwa wametua mizigo yao hapo mbele, wasihangaike nayo njia nzima na waichukue kirahisi wakati wa kutoka. Nikafungua ya pili, ya tatu, hali ile ile.

Mhudumu wa ndege, binti mpole, alitueleza kwamba hana jinsi, boksi litashushwa chini. Mama aliinua kanga, akayatazama maua yake, akalifunika tena.

"Mwambie dada yako nilijaribu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Sauti ile ndiyo iliyonitoa adabu. Niligeukia ndege nzima, nikanyanyua begi la kwanza juu, nikauliza kama kondakta wa stendi ya Buzuruga: hili la nani? Mhudumu alinishika mkono, nikaendelea. Koti la nani? Kikapu hiki cha nani, kidogo hivi, kwa nini kisikae miguuni kwa mwenyewe? Wengine walicheka, wengine walitazama dirishani. Huenda ningeteremshwa mimi badala ya boksi, kama yule mzee wa fimbo, aliyekaa safu ya pili, hangesimama.

"Koti ni langu, nipe nilipakate," alisema. Kisha akawageukia wa nyuma, bila kupaza sauti. "Huyu mama ametupisha sote pale mlangoni. Njooni mchukue vyenu."

Wakaja. Bwana mmoja mwenye suti alichukua begi lake huku anaomba radhi, na liliingia chini ya kiti bila shida yoyote. Hata kikapu kiliingia. Mhudumu mwenyewe ndiye aliyelilaza boksi, akaweka mto pembeni lisiteleze. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama kuna faida ya kuwahi kupanda, namuuliza kwanza amebeba nini. Wengi wanaokimbilia kabati zile wana mizigo ya kukaa miguuni.

Keki ilifika nzima, isipokuwa ua moja lililovunjika, na dada alilila hapo hapo akilia na kucheka. Jumamosi jioni iliwekwa mbele ya wakwe, na mama mkwe aliizunguka mara mbili kabla ya kuuliza imetoka duka gani. Sijawahi kumwona mama amekaa wima vile.

Ilipokatwa, foleni ilinikuta jikoni nikipanga sahani. Nilikimbia, nikakuta sinia limebaki karatasi na unga wa sukari. Nilinuna waziwazi. Nilikuwa nimetukana ndege nzima kwa ajili ya keki ile, halafu hata kuionja sikuionja.

Mama aliniita kwa mkono, nikakae karibu naye. Aliinama taratibu kwa sababu ya goti, akapeleka mkono chini ya kiti chake, akatoa kipande kikubwa kilichofungwa kwenye leso, chenye ua zima juu yake.

"Nilikuwekea," alisema. "Nilijua utachelewa."