Kuku wa Mwenyekiti

Mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akiba, na kwa uaminifu hakuwa na mpinzani, hasa akiuhubiri kwa wenzake. Alikopa pesa za mradi wa kuku. Kuku wenyewe walikuwa wa ajabu: walikuwa na miguu minne ya mbao na foronya za maua, na siku ya kikao tuliwakalia sebuleni kwake.

Fundi ndiye aliyekuwa mhasibu. Kila mwezi alilinganisha daftari na vitabu vya wanachama, kisha akaandaa ripoti. Asubuhi ya kikao, mama mkwe alimtembelea dukani.

"Mwanangu, kwenye jina langu andika 'anaendelea kulipa'."

"Mama, mara ya mwisho ulilipa lini?"

"Nia ninayo. Nia haiandikwi?"

"Haina safu yake, mama."

"Basi kumbuka mdhamini wangu ni nani."

Fundi alikumbuka vizuri sana. Mdhamini alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu mkwe akikuomba saini, unasaini huku ukitabasamu. Akiba yake ilikuwa ya kununulia cherehani ya pili. Akaikanyaga ile moja iliyokuwepo mpaka uzi ukakatika.

Jioni alisimama akasoma. Michango: elfu themanini na tano kati ya laki moja. Marejesho ya mikopo: elfu arobaini na tano kati ya sitini yaliyotarajiwa.

"Aliyeshindwa kulipa kwa miezi mitatu mfululizo: mwenyekiti. Deni lililobaki, elfu themanini. Akiba yake, elfu hamsini. Kwa katiba yetu, akiba hiyo inakatwa yote. Elfu thelathini zinazobaki zinakatwa kwa mdhamini, ambaye ni mimi. Akiba yangu inashuka kutoka elfu sabini hadi arobaini."

Muuza mkaa, mwanachama mwenzetu ambaye kwa kawaida hukohoa, alisahau kukohoa.

Mwenyekiti alijifuta jasho, kisha uso ukamng'aa kama wa bibi harusi.

"Kwa hiyo kikundi hakinidai tena?"

"Hakikudai, mama."

"Mmesikia! Sidaiwi!" Akapiga makofi. Wawili watatu wakamfuata kwa mazoea.

"Kweli, hakikudai," muuza mkaa akasema. "Ila akiba yako ni sifuri, na mkweo unamdai... samahani, anakudai."

Watu walicheka mpaka vikombe vikalia. Fundi hakucheka. Alifunga daftari.

Usiku ule mume wa fundi alimwambia mkewe kwa upole wa mtu aliyetumwa, "Mama anasema atakulipa kidogo kidogo."

"Mwambie kidogo cha kwanza ninakisubiri."

Wiki nzima mkwe hakumsalimia. Ya pili akaja dukani, akaweka elfu mbili juu ya meza ya kukatia vitambaa, akageuza uso mlangoni.

"Na hii usiisome kikaoni."

"Siisomi, mama. Hii ni ya kwetu. Karibu ukae."

Akakaa.