Diski Isiyorudi Nyuma

Kabla ya kuhamia kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, mauzo ya maduka ya dawa zaidi ya mia yalikaa kwenye kompyuta moja chini ya ngazi, katika ofisi yetu ya Mikocheni, juu ya karakana ya madirisha ya alumini. Vijana wa chini wakiwasha misumeno yote kwa pamoja, umeme ulikatika, na mimi nilishuka ngazi mbiombio nikimwomba Mungu kanzidata, ghala la mauzo hayo yote, iamke salama. Wateja wetu wengi walikuwa Temeke: maduka ya dawa ya mtaani, mengine yakitazamana na hospitali, mengine yamebanwa katikati ya vibanda vya simu. Mfumo ukisimama, muuzaji hawezi kutoa risiti wala kujua dawa ipi imebaki stoo.

Bosi wangu ndiye aliyenipa kazi ya kwanza maishani. Familia yao ni Waarabu wa siku nyingi pale Temeke, wauza dawa wa jumla tangu enzi za babu yake, na yeye ndiye aliyeona kwamba wateja wa babu wanahitaji mfumo wa kompyuta. Mimi nilikuwa binti wa mwalimu kutoka bara, nimepanga chumba Mbezi Luis, sina mjomba wala shangazi mjini. Kila Ramadhani alitualika wafanyakazi wote kufuturu nyumbani kwao. Mama yake alinishika mkono, nikimwamkia shikamoo, hakuniachia mpaka aniulize kama wazazi hawajambo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba yaliyofuata hayakutoka kwa mtu baki.

Tulipohamia kwenye wingu nilikuwa wa kwanza kufurahi. Kampuni ya nje ndiyo ingetunza mashine, ingefanya nakala rudufu kila siku, na ingeweka mashine ya pili ya akiba, ambayo ingeshika kazi yenyewe kama ya kwanza ikipata hitilafu. Kulikuwa na kisanduku kimoja cha kutia alama: diski ikikaribia kujaa, iongezwe yenyewe. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu akakiona.

"Weka tiki hapo," alisema. "Na kikomo chake kiweke mbali. Sitaki kusikia tena habari ya kujaa."

Niliweka. Na kweli, kwa muda mrefu hatukusikia habari ya kujaa.

Kilichomkera mapema ni ile mashine ya akiba. Siku moja alitaka ripoti kubwa za mauzo, mfumo ukawa mzito, akaniuliza kwa nini ripoti zisitolewe kwenye ile ya pili. Nikamweleza kwamba kwa mpango tulioununua, ile ya pili haisomwi na mtu. Inapokea kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza, inangoja, basi.

"Yaani nalipia mashine mbili, moja inakaa tu?"

"Inakaa kwa ajili ya siku mbaya, bosi."

Hakuridhika. Baada ya muda akaja na mtaalamu wa ripoti, kijana mtanashati mwenye maneno laini, aliyetuahidi kuchota mauzo kutoka kwenye kanzidata yetu kadiri yanavyoingia na kuyapeleka kwenye kompyuta yake ya ripoti. Ili afanye hivyo, ilibidi mipangilio ya kanzidata ibadilishwe. Mipangilio hiyo haiguswi mmojammoja. Imekaa kwenye kundi, na kuna kundi la kawaida ambalo kampuni ya wingu haikuruhusu ulibadilishe hata kidogo. Sisi tulikuwa na kundi letu wenyewe, nililitengeneza siku ya kwanza. Mtaalamu akaongeza humo kigezo chake, mpangilio wa kumruhusu kuchota mauzo. Kigezo cha aina hiyo hakianzi kufanya kazi mpaka kanzidata izimwe na kuwashwa upya, kwa hiyo bosi akaniagiza niizime Jumapili asubuhi, maduka mengi yakiwa hayajafungua. Nikaenda, nikaizima, nikaiwasha, ikaamka vizuri.

Ripoti zilikuja kwa muda mfupi. Kisha bosi na mtaalamu wakagombana juu ya mkataba, mtaalamu akachukua kompyuta yake akaenda zake. Hakuna aliyeniambia kama ameacha kitu nyuma.

Wa kwanza kuuona mzigo ni mhasibu wetu, mama mmoja wa Moshi asiyependa kupaza sauti. Alinifuata mezani na bili ya wingu.

"Mwanangu, hii inapanda kila mwezi. Wateja hawajaongezeka. Mie nimwambie nini bosi?"

Nikafungua ukurasa wa diski. Ilikuwa imejiongeza, ikajiongeza tena, kimya kimya, kila ilipokaribia kujaa. Nilipopima data yetu yenyewe, mauzo, stoo, wateja, vyote kwa pamoja havikufika hata robo ya kilichojaa. Nikapekua kila jedwali. Nikafuta kumbukumbu za zamani, haikusaidia. Hata siku za sikukuu, maduka yamefungwa, diski iliendelea kujaa taratibu, kama tangi linalopokea maji ambayo hakuna aliyeyafungulia. Nikawaandikia wenye wingu. Kwa kifurushi chetu cha bei ya chini, walijibu maswali ya malipo tu.

Katikati ya hayo ikatokea ile siku mbaya yenyewe. Mchana mmoja mashine ya kwanza ilipata hitilafu huko iliko. Wingu lilifanya lilichoahidi: kwa muda wa dakika moja au mbili ile ya akiba ilikuwa imeshika kazi, na jina tulilotumia kuifikia kanzidata likaelekezwa kwake. Ila programu yetu ilikuwa imekariri anwani ya mashine ya zamani, na waliouandika mfumo miaka ya nyuma hawakuiagiza iulize upya. Ikaendelea kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Temeke nzima ikasimama. Simu zikaanza kuingia, mie nikitazama ukurasa wa wingu unaoniambia kila kitu ni kizima. Nilipoelewa, nikaizima programu na kuiwasha, maduka yakarudi palepale. Lakini alasiri ilikuwa imeshapotea.

Bosi alitoka Temeke na gari, akaingia bila salamu.

"Mama mmoja wa duka ameshindwa kumuuzia mtu dawa ya kifafa ya mtoto. Amenipigia simu analia. Ndiyo siku mbaya yenyewe hii niliyokuwa nalipia?"

Nikamweleza habari ya anwani. Alinisikiliza akiwa amesimama, akitazama nje kwenye karakana, kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuizoea mpaka leo, "Dada, niambie ukweli. Kuna kitu chako unaendesha humo ndani? Mhasibu ameniambia bili. Watu wananiambia kuna vijana wanachimba sarafu za mtandaoni kwenye mashine za mabosi wao."

Mhasibu aliinamisha kichwa. Nilisema hapana. Nilisema pia kwamba huwezi kuendesha kitu kama hicho ndani ya kanzidata ya aina ile, hairuhusu hata kuingia kwenye mashine yenyewe. Nikaona kwamba maelezo yangu yanazidi kunifanya nionekane mjanja.

Wiki ile sikufanya kazi nyingine. Nikaacha kutafuta kwenye data yetu, nikaanza kutafuta kwenye kila kitu ambacho kanzidata inakitunza kwa ajili yake yenyewe. Huko nikakikuta. Kanzidata ya namna yetu huandika kila badiliko kwenye shajara kabla ya kuliweka mahali pake, na shajara ya zamani huifuta ikishamaliza kazi nayo. Lakini mtu wa nje akijiandikisha kama msomaji, kanzidata inamngoja. Haifuti ukurasa wowote ambao msomaji huyo hajausoma. Mtaalamu wa ripoti alikuwa amejiandikisha, kisha akaondoka bila kujiondoa. Tangu siku hiyo kanzidata yetu ilikuwa inamtunzia kurasa, ikiamini atarudi. Na hata sikukuu, shajara huendelea yenyewe kufungua kurasa mpya. Kulikuwa na kigezo cha kumwekea msomaji kikomo. Kikiachwa bila kuguswa, kikomo hakipo.

Nikalifuta jina la msomaji. Dakika chache baadaye sehemu kubwa ya diski ilikuwa tupu. Sikufurahi. Nilijua bosi atauliza nani alihusika.

Nilimwita bosi na mhasibu, nikawaonyesha. Niliwaonyesha jina la msomaji, nililolipiga picha kabla ya kulifuta, ambalo lilikuwa jina la kampuni ya mtaalamu wake. Mhasibu alipumua kwa nguvu. Bosi akauliza, "Kwa hiyo bili inashuka mwezi huu?"

"Haishuki. Diski inajua kuongezeka tu, kupungua haijui. Tunalipia ukubwa uliotengwa, hata ikiwa tupu. Itabidi tujenge kanzidata nyingine ndogo, tuhamishe data."

Alisoma tena lile jina.

"Aliyeizima na kuiwasha ile Jumapili ni nani?"

"Ni mimi. Kwa agizo lako."

"Basi na wewe ulikuwepo," alisema.

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu mengi, na yote ya kweli. Mhasibu akanitazama kwa macho ya kunisihi, na mimi nikafunga kompyuta yangu. Mkataba wangu ulipofika mwisho hawakuuhuisha. Hakuniita yeye. Mhasibu ndiye aliyenipa barua, akanisindikiza mpaka chini ya ngazi, akasema, "Unisamehe, mwanangu. Mie nilimpelekea namba tu, sikumtaja mtu." Namwamini. Haikunipunguzia kitu.

Nilikuja kusikia aliyepewa kazi ya kuihamisha data. Ni yuleyule mtaalamu wa ripoti. Walipatana.

Kazi yake ilivyokwenda nilijua kwa sababu mama mmoja wa duka la dawa, jirani na hospitali, alikuwa bado na namba yangu. Alinipigia nikiwa sokoni Mbezi.

"Mwanangu, nimefungua duka saa moja na nusu asubuhi, risiti inasema saa kumi na nusu alfajiri. Wateja wananicheka. Na mauzo ya saa mbili usiku yanaonekana ya saa kumi na moja jioni."

Sikuhitaji kuona chochote. Mtaalamu amejenga kanzidata mpya akaiacha na lile kundi la kawaida, ambalo saa yake ni ile ya kimataifa, masaa matatu nyuma yetu. Kundi letu, lenye saa ya Dar es Salaam na mengine yote niliyoyapanga kwa uangalifu, limebaki kwenye kanzidata ya zamani. Nikamwambia mama apige ofisini. Akasema amepiga, wamemwambia saa ya kompyuta yake ni mbovu, anunue nyingine.

Nilisimama pale kati ya mafungu ya nyanya. Ningeweza kuacha. Nikamwandikia bosi ujumbe mfupi: kundi lipi liunganishwe, kigezo kipi, na kwamba programu iwashwe upya baada ya hapo. Jioni akanijibu kwa alama ya dole gumba. Kesho yake mama wa duka akanitumia picha ya risiti yenye saa sahihi, na neno asante.

Ramadhani iliyofuata sikualikwa. Nilimtumia mama yake salamu kwa njia ya mhasibu. Sijui kama zilifika.