Sentensi Aliyoiruka Mwalimu Kamanthe

Mwalimu Kamanthe wa darasa la nne, huku kwetu Katangi, hakuwa mvivu hata chembe. Elimu ya bure ilipoleta watoto chungu nzima, wengine wakisoma kama maji na wengine wakikwama kwenye silabi, yeye aliandika kila habari mara tatu: ya wepesi, ya wastani na ya wanaojikokota. Habari ile ile, maswali yale yale, lugha tu ndiyo iliyobadilika, ili wote wajibu pamoja na asichekwe mtu.

Mwaka ule mahindi yenye sumu yalipoanza kuua watu, akaandika juu ya ukungu unaotia mahindi sumu hiyo. Wepesi walipata: "Sumu hii haiondolewi kwa kuosha wala kwa kupika." Wastani: "Hata ukiosha au ukipika mahindi hayo, sumu haitoki." Kwa wanaojikokota akaona itawalemea, maskini. Akairuka. Akawaachia: "Ukungu ni mbaya. Usile ukungu." Karatasi zikaenda nyumbani wazazi wasomewe.

Kesho yake akauliza, "Kuosha kunaondoa sumu?"

"Hapana!" wengi wakaitikia.

Munyiva, msichana ambaye hakuwahi kuinua mkono, akauinua. "Inaondoa, mwalimu. Nilimsomea susu, nyanya yangu, karatasi yote. Ameosha mahindi, ukungu wote ukatoka. Leo amepika muthokoi wa mahindi hayo."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto hakukosea hata neno moja; aliyekosea ni mwandishi.

"Nani yuko nyumbani?"

"Susu na Ndeti. Ndeti ni mdogo, anakula kwanza."

Hee! Aliacha chaki mezani, akamwita mwalimu wa darasa jirani ashike darasa, akamkamata Munyiva mkono wakatimua mbio. Viatu alivivua njiani. Alilia akikimbia, na hakujali nani anamwona.

Walimkuta susu Kalondu akipuliza kijiko, Ndeti ameshapanua mdomo. Kamanthe akakipiga kijiko, muthokoi ukatapakaa.

"Ai, mwalimu! Una wazimu?"

"Amekula?"

"Bado, ni moto. Kwani kuna nini?"

"Sumu imo, susu. Kuosha hakuitoi. Moto hauitoi."

Susu akaokota karatasi kando ya jiko. "Lakini uliandika tusile ukungu. Nimeutoa wote kwa mikono yangu. Mtoto alisoma vizuri, nikafurahi mpaka nikamtuma anisomee tena."

"Sentensi hiyo niliiruka, susu," akasema Kamanthe, "niliona ni ngumu, ingemlemea mtoto." Walimwaga sufuria nzima shimoni na kulifukia, kuku wasije wakadonoa. Kisha Kamanthe akachuchumaa, akachukua karatasi ile na kuandika chini yake. Akampa Munyiva.

Munyiva akaweka kidole. "Ukiosha, sumu inabaki. Ukipika, sumu inabaki." Hakukwama popote.

Susu akamkumbatia Ndeti, akamtazama mwalimu.

"Na hiyo," akauliza, "ilikuwa ngumu wapi?"