Cherehani ya Kukanyaga Yastaafishwa

Afisa mauzo wa duka la cherehani alibandikwa jina la Kasuku, kwa sababu kila alichoambiwa na mabosi alikirudia bila kukitafuna. Asubuhi hiyo aliwakusanya mafundi nguo dukani, akapanda juu ya kreti, akakohoa kama waziri.

"Cherehani ya kukanyaga haitatengenezwa tena," alitangaza. "Badala yake tunawapendekezea hii ya umeme. Wenye zile za zamani msiwe na hofu. Vipuri tutaendelea kuviuza kwa miaka saba, na karakana yetu itazihudumia kama kawaida."

Angeishia hapo, angeshuka salama. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Tena vipuri vya zile za zamani na vya hii ya umeme vinaingiliana!" aliongeza.

Mama mkwe wake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amesimama mbele kabisa. Alitoa mkobani bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ya cherehani yake ya kukanyaga, akamkabidhi.

"Haya mkwe, ingiza kwenye hiyo ya umeme."

Kasuku aliisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena. Bobini ilikuwa nene, ikakataa kukaa. Jasho lilimtiririka, mafundi wakaangua kicheko.

"Na umeme ukikatika nitakanyaga wapi?" mama mkwe aliuliza.

Kasuku alichungulia chini ya meza ya ile cherehani ya umeme, kana kwamba kanyagio lingeota hapo.

"Nimekosea, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Haviingiliani."

"Hujakosea, umeropoka."

Mama mkwe alikwenda kaunta ya vipuri, akanunua mkanda na bobini za akiba, akaondoka zake. Siku hiyo hakuna aliyenunua ya umeme, na Kasuku alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshasimuliwa yote.